Tyubu 60 kwenye rafu, chupa moja ya oksidan

*Yambo mama. Niko na saluni ya viti vitatu hapa Katuba, Lubumbashi. Tunaosha vichwa karibu 50 kwa juma, na rangi tunapaka vichwa 9 hivi. Kila mwezi naweka dola 180 kwa shampuu, oksidan na rangi, lakini bidoni ya shampuu ya lita 5 inaisha kwa majuma matatu, tena Jumamosi saluni ikiwa imejaa. Kwenye rafu kuna tyubu 60 za rangi na chupa moja ya oksidan ya lita moja, na bado mteja anakuja nakosa rangi yake. Nikinunua nyingi makuta yanalala, nikinunua kidogo naaibika mbele ya watu. Nishike hesabu gani?*

Dada yangu, shampuu tutaifikia. Kwanza simama mbele ya ile rafu ya rangi, maana ugonjwa wote uko pale, na wewe mwenyewe umeshautaja bila kujua.

Nachukua kwamba tyubu zako ni za mililita 60, na kwamba karatasi iliyo ndani ya boksi inakuambia uchanganye sehemu moja ya rangi na sehemu moja na nusu ya oksidan. (Kampuni nyingine zinasema sehemu moja kwa sehemu moja, na rangi za kung'arisha sana zinataka moja kwa mbili. Soma karatasi yako, usiikisie.) Basi kila tyubu inakula mililita 90 za oksidan. Chupa yako ya lita moja inatosha tyubu 11. Tyubu zote 60 zingetaka lita 5 na nusu karibu. Kwa maneno mengine, usiku huu una rangi ya vichwa 11 tu. Zile tyubu 49 nyingine ni mapambo mpaka oksidan ifike.

Hilo nimeliona saluni nyingi, za mjini na za huku kwetu, nami nililifanya kabla ya kuliona kwa wengine. Tunanunua tyubu kwa sababu tyubu inaonekana: ina picha ya mwanamke mwenye nywele nzuri, inapanga vizuri kwenye rafu, mteja anaiona na kuitamani. Oksidan ni chupa nyeupe isiyo na uso. Hakuna mteja aliyewahi kuomba oksidan. Kwa hiyo inanunuliwa mwisho, moja moja, na ndiyo inayofunga kazi.

Anza kwa kuandika. Nunua kaye ya shule, kila rangi uipe mstari wake, na kila tyubu ikikamuliwa mtu apige kijiti kimoja papo hapo, kabla hajaenda kwenye kichwa cha mteja. Chupa ya oksidan ikiisha, kijiti. Bidoni ikifunguliwa, tarehe. Usiandike ulichonunua, hicho unakikumbuka vizuri kwa sababu kiliuma. Andika kilichotoka. Fanya hivyo majuma manne mfululizo, na hakikisha mwisho wa mwezi umo ndani, maana juma la mshahara na juma la katikati ya mwezi si ndugu.

Sasa nikuoneshe vijiti hivyo vitakuambia nini. Sijaiona kaye yako, kwa hiyo nachukua mgawanyo ninaoukuta mara nyingi kwenye saluni za ukubwa wako. Katika vichwa 9 vya juma, 4 ni nyeusi kabisa, ile namba 1, ya kufunika mvi na kurudishia. Viwili ni kahawia nzito, namba 3. Viwili ni mahogani. Kimoja ni "nyingine": leo shaba, juma lijalo nyekundu, kesho kutwa binti ameona kitu kwenye simu.

Kisha hesabu rafu kwa mpangilio huohuo. Tuseme unakuta nyeusi 3, kahawia nzito 2, mahogani 4, na zile nyingine 51 za aina ishirini na kitu. Gawanya kilichopo kwa kinachotoka kwa juma. Nyeusi 3 kwa 4: hazifiki hata juma moja. Kahawia 2 kwa 2: juma moja. Mahogani 4 kwa 2: majuma mawili. Nyingine 51 kwa 1: majuma 51. Mwaka mzima, dada. Kwa bei ya kukadiria ya dola 3 kwa tyubu, dola 153 zimekaa pale zikisubiri mteja mmoja kwa juma, na tyubu ya nyeusi inayokuletea wateja wanne kwa juma inaisha kabla ya Jumamosi.

Hapo ndipo jibu la "nyingi au kidogo" linapogeuka. Rafu yako ina vyote viwili kwa wakati mmoja, na ukiihesabu kwa jumla, 60, huoni kitu. Usihesabu tyubu, hesabu majuma. Rangi ambayo ina majuma mawili au matatu ni mzima. Yenye chini ya moja ni njaa. Yenye zaidi ya nane ni makuta yaliyolala, hata kama ulizipata kwa bei nzuri. Hasa kama ulizipata kwa bei nzuri.

Tuangalie pia kama dola 180 zako zinakubaliana na picha hii, kwa sababu hesabu isiyofungana ni hadithi. Tyubu 9 kwa juma ni kama 39 kwa mwezi, yaani dola 117. Oksidan ni mililita 810 kwa juma, kama lita 3 na nusu kwa mwezi. Kwa dola 6 chupa, ni dola 21. Shampuu, kwa bidoni inayoisha kwa majuma matatu na bei ya dola 12, ni kama dola 17 kwa mwezi. Jumla 155. Zinabaki dola 25, ambazo ni tyubu 8. Tyubu 8 kila mwezi zinazoingia na hazitoki: kwa miezi sita hivi unapata zile 51. Ndivyo rafu inavyojaa, kidogo kidogo, bila siku moja ya kosa kubwa. Weka bei zako halisi mahali pa zangu. Ukikuta pengo ni dola 60 na rafu haijai, basi tyubu zinatoka kwa mlango bila kijiti, na hayo ni mazungumzo mengine na watoto wa kazi.

Sasa kununua. Chagua siku moja, kila baada ya majuma mawili, na iwe Jumanne au Jumatano, wakati saluni imetulia na depo haina foleni. Kwa zile rangi tatu zinazotembea, weka kipimo cha juu: matumizi ya juma mara tatu. Mawili ni ya kukufikisha siku ya kununua inayofuata, moja ni akiba. Kwa hiyo nyeusi 12, kahawia nzito 6, mahogani 6. Siku ya kununua unahesabu zilizobaki na kununua pengo tu. Zimebaki nyeusi 5, unanunua 7. Zimebaki 9 kwa sababu juma lilikuwa baridi, unanunua 3, hata kama muuza depo anakupa bei ya boksi zima.

Namba kamili ziandike kwenye ukingo wa rafu kwa peni nene: 12, 6, 6. Mtu yeyote wa saluni aweze kuona pengo bila kukuuliza. Na chini yake andika namba ya hatari, ambayo ni matumizi ya juma moja: 4, 2, 2. Rangi ikifika hapo kabla ya siku ya kununua, usingoje siku. Nenda, au mtume mtu.

Oksidan inafuata rangi kama kivuli. Mililita 810 kwa juma mara tatu ni lita 2 na nusu karibu, kwa hiyo kipimo chako ni chupa 3. Hiyo ni ya namba 20, ile ya asilimia 6, inayofunika mvi na kufanya kazi nyingi za saluni. Ya 30, asilimia 9, chupa moja inatosha kwa wale wanaotaka kupanda juu, yaani nywele ziwe hafifu zaidi. Ya 10 ndogo. Ya 40 mimi siweki kabisa. Anayeiomba mara nyingi hajui anachoomba, na ngozi ya kichwa inaungua haraka. Ukiishiwa 20 mchana wa Jumamosi, changanya 10 na 30 za kampuni hiyohiyo nusu kwa nusu, unapata 20. Usijaribu kupunguza ya 40 kwa maji ya bomba: oksidan ya krimu ukiitia maji inateleza kutoka kwenye nywele na kuingia machoni.

Utaniuliza: na zile rangi "nyingine"? Nisiwe nazo? Uwe nazo, lakini si aina ishirini. Hapa ujuzi wa kuchanganya unakuokolea pesa kuliko punguzo lolote. Katika kampuni moja na aina moja ya rangi, namba ya kwanza inasema uzito: 1 nyeusi, 4 kahawia, 6, 7 zinaanza kuwa hafifu. Namba 4 na namba 6 ukizichanganya nusu kwa nusu zinakupa karibu 5. Kwa hiyo huhitaji kununua 5. Chukua 4, 6 na 8 za kawaida zisizo na rangi ya pembeni, kisha nyekundu moja, shaba moja na dhahabu moja. Hizo sita, tyubu mbili mbili, ni 12, na zinakuzalishia karibu kila kitu ambacho zile 51 zilikuahidi. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni, gramu moja uichukue kama mililita moja, na andika mchanganyiko kwenye ukurasa wa mteja huyo, ili akirudi mwezi ujao apate rangi ileile. Usichanganye kampuni mbili kwenye bakuli moja. Namba zinaweza kufanana na rangi isitoke sawa, na hakuna atakayekulipa kusafisha kichwa.

Binti anayetaka rangi ya ajabu, mwambie ukweli: tunaiagiza, lete malipo ya kwanza, njoo Alhamisi. Hiyo pia inakupa saa 48 za kujaribu tone la rangi nyuma ya sikio lake, jambo ambalo karatasi ya boksi inadai na sisi tunaliruka. Tyubu iliyolipiwa kabla hailali.

Kuna upotevu mwingine ambao kijiti hakiuoni. Kijiti kinasema tyubu imetoka. Hakisemi imefika kichwani. Baada ya kila mteja, weka bakuli kwenye mizani kabla halijaoshwa. Ulichanganya gramu 60 na 90, yaani 150. Ukitoa uzito wa bakuli ukakuta 30 zimebaki, umemwaga sehemu moja ya tano kwenye sinki. Kwa vichwa 9, hizo ni karibu tyubu mbili kwa juma, zaidi ya dola 20 kwa mwezi ukihesabu na oksidan yake. Kwa mteja wa kurudishia mizizi, anza na nusu tyubu, gramu 30 kwa 45, na ongeza ikipungua. Kuongeza ni dakika moja. Tyubu iliyobaki, kamua hewa itoke, funga kifuniko, andika tarehe kwa peni, na itumike majuma machache yanayofuata kabla ya kufungua nyingine. Mchanganyiko uliobaki kwenye bakuli haurudi popote. Usiuweke kwenye chupa iliyofungwa kamwe: unaendelea kutoa gesi, na chupa inaweza kupasuka.

Sasa shampuu, na hapa nitakushangaza kidogo: usiibanie. Bidoni ya lita 5 kwa dola 12, ukitumia mililita 20 kwa kichwa, ni senti 5 kwa mteja. Tyubu na oksidan yake ni zaidi ya dola 3 na nusu. Anayejinyima bidoni ya akiba ili "makuta yasilale", huku tyubu 51 ziko ukutani, analinda mlango wa kuku na ng'ombe wametoka.

Kinachokumaliza ni mkono. Vichwa 50 kwa majuma matatu ni vichwa 150. Lita 5 kwa 150 ni mililita 33 kwa kichwa. Kwa kuosha mara mbili, mililita 20 zinatosha nywele nyingi, ukilowesha vizuri kwanza. Zile 13 zinazozidi zinamiminwa moja kwa moja kutoka kwenye bidoni, na zinateremka na maji kabla hazijagusa nywele. Weka pampu. Lakini usiamini pampu kwa macho, kwa sababu kuna zinazotoa mililita 3 na kuna zinazotoa 10. Bonyeza mara kumi ndani ya chupa ya mtoto ya kunyonyeshea, ile yenye mistari ya vipimo, soma, gawanya kwa kumi. Ikitoa 5, sheria ya saluni ni mbili za kwanza na mbili za pili. Bidoni itakwenda majuma matano badala ya matatu. Anayesukwa mesho nzito au mwenye mafuta mengi ya kupaka atataka zaidi, na apewe. Sheria ni ya kawaida ya siku, si ya kumwosha mtu nusu.

Kuna wanaotia maji ndani ya bidoni ili iende mbali. Najua kwa nini, lakini shampuu imewekewa dawa ya kuzuia vijidudu kwa kipimo chake, na ukiongeza maji unaipunguza nguvu pia. Bidoni iliyokaa majuma kadhaa na maji ndani yake inaharibika: inakuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa, harufu inageuka, wakati mwingine rangi inakuwa na ukungu. Kama unapenda shampuu nyepesi kwa kuosha mara ya kwanza, changanya kwenye chupa ndogo safi asubuhi, tumia, mwaga kilichobaki jioni, suuza chupa, iache wazi ikauke.

Kwa shampuu sheria ya kununua ni moja na haina hesabu: bidoni mbili, moja inafanya kazi, moja imefungwa. Siku unapofungua ile ya akiba ndiyo siku ya kuandika "shampuu" kwenye orodha. Si siku inapokaribia kwisha. Ukifungua, una majuma matano mbele yako ya kwenda kununua bila mbio. Hutaishiwa Jumamosi tena isipokuwa umesahau majuma matano mfululizo. Kondishona ifuate sheria hiyohiyo.

Ila shampuu moja itoe kwenye sheria hii na uilinde zaidi: ile ya kuzima defrizan ya kunyoosha nywele, ambayo povu lake kwa aina nyingine linageuka waridi kama dawa bado iko kwenye nywele. Bila hiyo usimpake mtu defrizan hata akilia, kwa sababu shampuu ya kawaida haikuambii kama dawa imekwisha kutoka, na inayobaki inaendelea kula nywele akiwa nyumbani. Kama unadefriza kutoka kwenye kopo kubwa na si kwenye seti iliyo na kila kitu, kila kopo la dawa liwe na chupa yake ya kuzima kando, na zinunuliwe pamoja.

Jambo la kwetu sasa. Bidhaa nyingi unazopata depo za mjini au soko la Kenya la hapahapa Lubumbashi zimepita mpaka wa Kasumbalesa, kilometa 90 hivi kutoka hapa, zikitoka Dar es Salaam au Afrika Kusini. Siku za kawaida hilo halikuhusu: unatembea, unanunua, unarudi na teksi. Lakini malori yakikwama mpakani, depo zinakauka majuma mawili au matatu, na kinachokauka kwanza ni nyeusi na oksidan ya 20, kwa sababu kila saluni inavitaka. Dalili utaiona kabla: muuzaji anaanza kusema tyubu mbili tu kwa mtu, au bei ya asubuhi si ya jioni. Hapo, na hapo tu, panda kutoka majuma matatu hadi matano, na iwe kwa vitu viwili: nyeusi na oksidan. Nyeusi 8 za ziada na chupa 2 ni dola 36. Usipandishe mahogani, usipandishe shaba. Hofu ya uhaba ndiyo iliyojaza rafu nyingi.

Kwa sikukuu fanya vilevile. Kabla ya tarehe 8 Machi wanawake wanaingia saluni kama maji, na Desemba pia, na majira ya ndoa ya kiangazi. Mwaka wa kwanza, ongeza nusu ya kipimo kwa zile rangi tatu, shampuu bidoni ya tatu. Mwaka wa pili kaye yako itakuambia yenyewe.

Na usinunue akiba kubwa ya oksidan kwa bei ya kutupa. Miaka ya nyuma nilichukua chupa 12 kwenye depo moja kwa sababu bei ilikuwa nusu, nikazipanga juu ya kabati chini ya mabati. Oktoba, joto la kwetu unalijua, chupa zikaanza kuvimba ubavu. Sikuelewa. Nikampaka mama wa bibi arusi, dakika 40, nikaosha, mvi zikaniangalia zikiwa nyeupe vilevile. Oksidan ikipata joto na mwanga inaachia nguvu yake kidogo kidogo kama gesi. Chupa iliyovimba inakuambia nguvu imetoka. Tangu siku hiyo zangu zinakaa chini, kwenye kabati la mbao, mbali na dirisha na mbali na mashine ya kukaushia nywele, na siziweki kwenye chombo cha chuma.

Zile 51 tusizisahau. Zitoe zote, zipange mezani. Zilizofunguliwa bila tarehe, zilizovimba, zinazovuja kwenye mkunjo wa chini, weka pembeni. Nyingine zenye shaka, chukua kipande kama punje ya njugu, changanya na oksidan, paka kwenye kipande cha nywele zilizokatwa, subiri dakika 30. Ikigeuka rangi yake vizuri, inafaa. Ikibaki hafifu au ya madoa, tupa bila kuomboleza. Zilizo hai na ambazo hazijafunguliwa, tafuta saluni mbili tatu za jirani mbadilishane: wana kahawia nzito wasiyoitumia, una shaba usiyoitumia. Zile za uzito wa 4, 5 na 6 ziingize kwenye michanganyiko ya kahawia. Kwa nyekundu na shaba zilizozidi, weka bei ya Jumanne na Jumatano, siku ambazo viti viko wazi. Na mpaka ziishe, usinunue hata moja ya aina hiyo.

Mwezi wako wa kwanza utakwenda hivi. Jumanne ya kwanza: nyeusi 9 kufika 12, kahawia nzito 4 kufika 6, mahogani 2 kufika 6. Tyubu 15, dola 45. Oksidan chupa 2 kufika 3, dola 12. Bidoni moja ya akiba, dola 12. Jumla 69, na pampu juu yake. Jumanne ya pili baada ya majuma mawili: tyubu 16 zilizotoka, dola 48, na oksidan 2, dola 12. Jumla 60. Mwezi mzima ni dola 129, pale ulipokuwa unaweka 180.

Zile 50 zinazobaki usizirudishe depo. Na pesa ya bidhaa itenge mapema: wateja wanakulipa falanga na depo inataka dola, kwa hiyo kila jioni toa sehemu ya bidhaa za siku hiyo, karibu dola 3 na nusu kwa kila kichwa cha rangi na senti 5 kwa kila kichwa kilichooshwa, uiweke kwenye bahasha yake mbali na pesa ya chakula na ya pango, na uibadilishe kuwa dola kila Jumamosi usiku badala ya kungoja Jumanne ya kununua, maana bei ya dola haikungoji. Bahasha ikiwa pungufu kuliko vijiti vya kaye, mtu amepakwa rangi kwa mkopo, na jina lake liandikwe ukurasa wa mwisho.